Uzi: Mabanda yanaletwa na wahamiaji au na ardhi? Tuzipime nadharia za ukuaji wa miji

Kalamu_Nyeusi (mtoa mada)

Wakuu, kila mjadala wa mitaa ya mabanda naona unaishia palepale: "watu wanakimbia vijiji." Ukishakubali hivyo, dawa inabaki moja tu, kuwazuia wasije. Mimi naona maelezo hayo yanajibu swali jingine. Yanaeleza kwa nini mji unajaa watu. Hayaelezi kwa nini watu hao wanaishia kwenye vyumba vya mabati vilivyobanana, bila njia ya gari wala mfereji wa maji machafu.

Niitendee haki kwanza nadharia iliyo nyuma ya kauli hiyo, maana ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mchumi Arthur Lewis, mwaka 1954, aliona hivi: kijijini kuna mikono mingi kuliko shamba linavyohitaji, na viwanda vya mjini vinaivuta mikono hiyo kadiri vinavyopanuka. Kwake yeye mtu anakuja mjini kwa sababu kazi ipo inamsubiri. Lakini Kenya ya miaka ya 1960 haikwenda hivyo. Ajira rasmi zilikuwa chache, wanaozitafuta walikuwa tele, na watu waliendelea kuingia mjini. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza nafasi za kazi, na vyama vikakubali kuweka kando madai ya mishahara. Nafasi ziliongezwa, na foleni ya wanaotafuta kazi ikarefuka.

Wachumi John Harris na Michael Todaro walilieleza hilo mwaka 1970. Walisema anayehama halinganishi kipato cha shamba na mshahara wa mjini. Analinganisha kipato cha shamba na mshahara huo baada ya kuupunguza kwa nafasi aliyonayo ya kuupata.

Tuweke hesabu. Tuseme mshahara wa ajira rasmi ni mara mbili ya kipato cha shamba, na mjini kuna ajira 40,000. Watu wataendelea kuja hadi nafasi ya mtu kupata kazi ifike nusu kwa nusu, kwa sababu hapo ndipo nusu ya mshahara wa mjini inalingana na kipato cha shambani na hakuna faida tena ya kuhama. Kwa hiyo mji utakuwa na watu 80,000: 40,000 wana kazi, 40,000 wanasubiri. Sasa serikali iongeze ajira 10,000. Zinakuwa 50,000, na uhamaji utasimama tena watu wakifika 100,000. Wanaosubiri wametoka 40,000 wakawa 50,000. Umeongeza kazi, na wasio na kazi wameongezeka.

Hesabu hii imetulia na mimi naiheshimu. Lakini itafuteni nyumba humo ndani. Hakuna nyumba, hakuna kiwanja, hakuna kodi ya chumba. Ni nadharia ya foleni ya kazi, nasi tunaitumia kueleza paa na ukuta. Naomba hoja.

---

Jembe_Kuu

Mkuu umejijibu mwenyewe. Kama kuongeza kazi mjini kunaongeza foleni, basi pesa ipelekwe shambani. Chukua hesabu yako hiyohiyo: pandisha kipato cha shamba kifike theluthi mbili ya mshahara wa mjini. Ajira zikiwa 40,000, uhamaji unasimama watu wakifika 60,000. Wanaosubiri wanashuka kutoka 40,000 hadi 20,000, na hujajenga hata kiwanda kimoja. Toa watu 20,000 mjini uone kama mabanda hayatapungua. Bei ya mazao, barabara za vijijini, umeme, maji ya umwagiliaji, hayo ndiyo makazi bora. Haya mengine ni kuzunguka mbuyu.

---

Binti_Takwimu

Jembe, hesabu yako ni sahihi ndani ya nadharia. Kwa watu halisi inakwama kwenye jambo ambalo Harris na Todaro hawakuliweka: watu wa mjini wanazaa.

Miaka mingi wataalamu wa idadi ya watu wa Umoja wa Mataifa walipougawa ukuaji wa miji ya nchi zinazoendelea, ukiitoa China, walikuta karibu asilimia 60 inatokana na vizazi kuzidi vifo mjini humohumo. Uhamiaji, pamoja na vijiji vinavyokua hadi kuhesabiwa kuwa miji, ndivyo vilivyobaki. Kwa hiyo ukifunga kila barabara inayotoka kijijini, sehemu kubwa ya ukuaji inaendelea.

Na hili ni jipya katika historia. Kabla ya karne ya 19, miji mikubwa ya Ulaya ilikuwa inaua watu wake. Katika London ya karne ya 18 kwa miaka mingi vifo vilizidi vizazi, na mji ulikua kwa sababu tu watu wa mashambani waliendelea kuingia. Kazi zikipungua mjini, mji wenyewe ulipunguza watu. Majisafi, chanjo na dawa viliukata uhusiano huo. Leo mji unaweza kukua hata kama hakuna kiwanda kilichofunguliwa, kwa sababu mtoto aliyezaliwa kwenye chumba cha mabati ana nafasi kubwa ya kuwa mtu mzima na kutafuta chumba chake. Kwa hilo nadharia ya vifo kupungua inaeleza mambo ambayo Lewis na Todaro wote wawili hawawezi kuyaeleza.

Ila na mtoa mada asiuweke uhamiaji pembeni kabisa. Wanaohama wengi ni vijana, na vijana ndio wazazi. Sehemu ya hiyo asilimia 60 ni watoto wa waliofika miaka kumi iliyopita. Mpaka kati ya makundi haya mawili hauko wazi kama tarakimu zinavyouonyesha.

---

Msafiri_wa_Usiku

Habari zenu wana jukwaa. Mimi nina kiwanja nimenunua kwa maandishi ya mkono na mashahidi wawili, hakijapimwa. Mtaa mzima uko hivyo. Naomba kuelekezwa nianzie wapi kupata hati, na je, jirani akikataa kusogeza ukuta wake inakuwaje? Samahani kama nimeingilia.

---

Mzee_wa_Mambo_ya_Vipimo

Msafiri, karibu. Utaratibu wa hati unatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo nenda ofisi ya ardhi ya eneo lako kabla hujamlipa mtu yeyote. Lakini hujaingilia mjadala hata kidogo. Huo ukuta wa jirani ndio mada yenyewe.

Nimepima ardhi sehemu kubwa ya maisha yangu. Nikuelezeni mtaa kama wa Msafiri unavyozaliwa. Mwanzo ni shamba pembezoni mwa mji. Mwenye shamba anaona watu wanaanza kuulizia, anakata kipande cha kwanza. Njia anayoacha ni ya mtu na baiskeli, kwa sababu wakati huo majirani ni wawili na kuzunguka ni rahisi. Anakata cha pili, cha tano, cha ishirini. Kila mnunuzi anajenga hadi mwisho wa mpaka wake, na yule anayetaka kuacha nafasi ya njia anagundua kwamba yeye peke yake amepoteza ardhi huku mwenzake akijenga. Mwisho wake kila mtu amefanya jambo la akili kwa upande wake, na mtaa mzima hauna pa kupitisha gari la taka, zimamoto wala bomba kubwa. Ukija na vifaa vya kupima umechelewa. Sasa unapima kuta, na kila mita ya barabara unayoitaka ina mtu analala juu yake.

Katika kisa hicho sikumtaja mhamiaji. Mnunuzi anaweza kuwa mwalimu aliyezaliwa mjini. Kilichokosekana ni kiwanja kilichopimwa, kidogo, cha bei anayoiweza, kwa wakati anaokihitaji. Kanuni nyingi za ujenzi zinalazimisha kiwanja kikubwa na vifaa vya gharama, zikiwa na nia njema kabisa. Lakini ukiweka kiwango cha chini juu ya uwezo wa nusu ya watu, nusu hiyo haitoweki. Inaenda kununua kwa maandishi ya mkono.

---

Kalamu_Nyeusi (mtoa mada)

Shikamoo mzee. Umelisema nililokuwa nalitafuta.

Binti, nakubali kuhusu London, sikuwa nimeiweka hivyo. Lakini angalia kwamba hata nadharia yako ya vifo inaishia mlangoni mwa nyumba. Inaniambia watu watakuwa wangapi, haisemi watalala wapi.

Kuna mtu aliyelifuata swali la watalala wapi kwa miguu. John Turner, mbunifu majengo Mwingereza, alifanya kazi Peru kuanzia mwaka 1957 hadi katikati ya miaka ya 1960. Aliyoyaona Lima yalipindua picha ya mgeni anayeshuka kwenye basi na kujenga kibanda pembezoni. Mgeni alipanga chumba kibovu katikati ya mji, karibu na vibarua, kwa sababu kilichomsumbua ni nauli na kazi ya kesho. Waliovamia ardhi ya jangwani kando ya mji na kujenga kidogo kidogo walikuwa wenye miaka kadhaa mjini, wenye kipato fulani na watoto, waliochoka kulipa kodi. Kwa hiyo kuna makazi holela ya aina mbili zenye sababu tofauti. Moja ni ukaribu wa kazi, nyingine ni hamu ya kumiliki. Tukiyaita yote "mabanda" na kuyatafutia dawa moja tunakosea tangu mwanzo.

---

mama_wa_Vyumba

Mimi si msomi wa mambo haya ila nimeyaishi, acha niseme ya upande wa mwenye nyumba, maana huwa tunaitwa wanyonyaji tu.

Nina vyumba kumi na viwili kwenye kipande kimoja. Kila chumba ni mita tatu kwa tatu, choo kimoja nyuma, bomba moja mbele. Vijana wa chuo walikuja siku moja wakaniuliza kwa nini sijengi ghorofa, kwamba ningepata wapangaji mara mbili na ningeacha uwazi wa hewa. Wazo ni zuri. Sasa fikirini. Karatasi niliyonayo ni ya mkono. Benki haiitaki. Ghorofa linataka nondo, zege na fundi wa kweli, na pesa yote iingie kabla mpangaji wa kwanza hajalipa. Kisha kesho zinapakwa alama nyekundu ukutani kwamba barabara inapita. Mabati na mbao nitavibeba nikaenda navyo. Zege halibebeki.

Kwa hiyo najenga kwa kitu ambacho kikibomolewa hakinimalizi. Na kwa kuwa siwezi kwenda juu, naenda pembeni mpaka mpaka unaniishia. Vyumba viwili vya mwisho niliviongeza pale palipokuwa pa kuanikia nguo. Wapangaji walinung'unika, na walikuwa na haki. Lakini ada za shule zilikuwa zinanidai.

---

Binti_Takwimu

Mama, asante. Ulichoandika ni kiini cha nadharia ya tatu, ya wachumi wa ardhi, na umekieleza vizuri kuliko wengi wanavyokiandika.

Wao wanaanza na William Alonso, 1964: kadiri unavyokaribia kazi ndivyo ardhi inavyopanda bei, na ardhi ghali inatakiwa ibebe watu wengi. Tajiri anafikia wingi huo kwa kupanda juu. Mtu asiye na uhakika wa ardhi anaufikia kwa kubana chini. Wote wawili wanaitikia bei ileile, ila zana zao ni tofauti. Ndiyo maana mtaa wa mabanda unaweza kudumu miongo kadhaa katikati ya mji juu ya ardhi yenye thamani kubwa. Mtu wa kawaida akiuona anadhani hapo pamesahaulika. Ukweli ni kwamba pale kila hatua ya ardhi inazaa pesa.

---

Kalamu_Nyeusi (mtoa mada)

Niweke hesabu hapo, ya kubuni, ili tuone inavyokuwa. Chumba cha mita tisa za mraba kodi yake iwe 30. Nyumba ya ghorofani ya mita 60 za mraba kodi yake iwe 120. Kwa macho, wa chumba analipa kidogo. Gawa kwa mita: wa chumba analipa zaidi ya 3 kwa kila mita ya mraba, wa ghorofani analipa 2. Maskini ananunua nafasi kwa bei ya juu, ila anainunua kidogo kidogo kiasi cha mfuko wake.

Watafiti waliohoji kaya za mitaa ya mabanda ya Nairobi mwaka 2004 walikuta asilimia 92 ni wapangaji, wakilipa kodi inayoonekana kubwa ukiilinganisha na ubora wa wanachopata. Hilo linaitikisa pia imani nyingine, ya mchumi wa Peru Hernando de Soto, kwamba ukiwapa watu hati watakopa, watajenga na kutajirika. Hati anapewa nani pale? Wapangaji asilimia 92 hawana cha kuandikiwa. Anayeandikiwa ni mwenye vyumba, na nyumba ikipanda thamani anapandisha kodi.

---

Jembe_Kuu

Nasoma yote na naona mnazunguka. Sawa, ardhi. Lakini nani ameifanya ardhi iwe ghali? Wingi wa watu. Ondoa wingi, bei inashuka, mama anajenga vyumba sita badala ya kumi na viwili. Na mtu akikosa kazi mjini akarudi kwao, mbona hamlisemi? Watu si mawe, wanarudi.

---

Binti_Takwimu

Kwenye kurudi uko sahihi kabisa, na wengi wanalisahau. Zambia ndiyo mfano. Nchi ilijenga miji juu ya shaba. Bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, na miaka ya 1990 migodi ikauzwa kwa watu binafsi na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Sensa ya 1980 ilikuta karibu asilimia 40 ya watu wanaishi mijini. Ya mwaka 2000 ilikuta karibu 35. Baadhi ya miji ya migodini ilipoteza watu. Wanaosema miji ya Afrika inakua tu bila kujali uchumi hawajaitazama Zambia. Hapo hesabu ya Harris na Todaro ilifanya kazi kinyumenyume: nafasi ya kupata kazi ikashuka, kijiji kikashinda.

Lakini endelea kidogo. Miaka hiyohiyo ambayo nchi ilikuwa inapunguza sehemu ya watu wa mijini, Lusaka yenyewe ilizidi kukua, na makazi yasiyopangwa ndani yake hayakufutika. Wingi ulipunguka sehemu moja, kiwanja kilichopimwa hakikuongezeka sehemu nyingine. Hapo ndipo hoja yako inapokatikia, kaka. Uhamiaji unaeleza kasi. Hauelezi umbo.

Na kuna jambo jingine ambalo hesabu ya foleni inalikosa. Wale 40,000 "wanaosubiri" wanakula nini? Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokwenda Kenya mwaka 1972 ulieleza kwamba watu hawa wanafanya kazi tena kwa bidii: wanashona, wanachomelea, wanauza, wanajenga. Anayeweza kukaa bure akisubiri ajira ya ofisini mara nyingi ni kijana msomi anayelishwa na ndugu. Asiye na ndugu wa kumlisha anaingia kibaruani kesho yake. Ndiyo maana anahitaji chumba karibu na soko, na ndiyo maana anakikubali chumba cha mama.

---

Mzee_wa_Mambo_ya_Vipimo

Binti, hapo kwenye kasi na umbo nakuunga mkono. Mniruhusu nilete jaribio moja lililofanyika kweli, maana nadharia zimetosha.

Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja katika miji saba. Kwanza, ilichukua ardhi ambayo bado ilikuwa haijajengwa sana, ikapima viwanja, ikachonga barabara na kuweka maji, kisha watu wakajenga wenyewe. Dar es Salaam hizo ni Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Pili, ilikwenda kwenye makazi yaliyokwisha kujengwa, kama Manzese na Tandika, ikaingiza barabara na maji katikati ya nyumba zilizopo. Uhamiaji ulikuwa uleule, uchumi uleule, serikali ileile. Tofauti kubwa ni kama mstari wa barabara ulitangulia au ulifuata.

Miongo minne baadaye watafiti walilinganisha maeneo hayo kwa picha za angani na takwimu za nyumba. Yaliyopimwa kabla yana nyumba kubwa zaidi, zilizonyooka kwa mistari, za ubora wa juu, na ardhi yake ina thamani zaidi kuliko maeneo jirani. Yaliyoboreshwa baadaye hayatofautiani sana na majirani zao ambao hawakuguswa.

Mimi sishangai. Njia ukiipitisha kabla, kila anayejenga anajipanga kuifuata, na huhitaji polisi. Hata aliyeanza na matofali mabichi akipata pesa anabomoa na kujenga bora palepale, kwa kuwa anajua mpaka wake ni upi na hautahamishwa. Ukiipitisha baada, unapata njia nyembamba inayokwepa nyumba za wenye sauti, mitaro inaziba, na matengenezo hayana mwenyewe. Ni jambo dogo la wakati, na ndilo lililoamua sura ya mtaa kwa miaka arobaini.

---

mama_wa_Vyumba

Mzee shikamoo. Naomba kuuliza bila ubaya. Hao wanaokaa huko kwenye viwanja vilivyopimwa leo, ndio wale maskini waliokusudiwa mwanzo?

---

Mzee_wa_Mambo_ya_Vipimo

Marahaba mwanangu. Umegusa mahali panapouma. Wengi wao sio. Watafiti walewale walikuta wakazi wa sasa wa maeneo yaliyopimwa kabla wamesoma zaidi kuliko wa maeneo mengine. Kiwanja kizuri kinapanda thamani, na mwenye shida akipewa bei nzuri anauza. Wengine waliuza wakapata mtaji wa maana, siwezi kusema waliibiwa. Lakini mpangaji wako wa mita tisa hakuufaidi mpango ule moja kwa moja. Na upande wa pili nao haukubaki bure: Manzese na Tandika zimeendelea kuhifadhi watu wengi wa kipato kidogo karibu na kazi zao. Mtu anayepima mafanikio kwa ubora wa nyumba pekee hataliona hilo.

---

Msafiri_wa_Usiku

Kwa hiyo mimi niliyekwisha kujenga ndiyo basi? Mtaa wetu bado una mashamba matupu upande wa bonde.

---

Mzee_wa_Mambo_ya_Vipimo

Sio basi. Huko kwenye mashamba matupu ndiko kwa kukimbilia sasa, wewe na majirani zako, kabla hayajakatwa. Kaeni na wenye mashamba mkubaliane njia mbili tatu za upana wa kupishana magari, mziwekee vigingi, mwandikishane mbele ya uongozi wa mtaa, kisha mpeleke mchoro ofisi ya ardhi. Mwenye shamba atalalamika kwamba anapoteza ardhi. Mwonyesheni kwamba kiwanja kinachofikika kwa gari kinauzwa ghali zaidi kuliko kisichofikika, kwa hiyo atauza vichache kwa bei nzuri. Wengi wanaelewa wakipigiwa hesabu. Atakayekwamisha ni yule ambaye kipande chake ni kidogo na njia inakimaliza chote. Huyo ni lazima wengine mmchangie ardhi au pesa, vinginevyo ana haki ya kukataa. Kwa ukuta wa jirani yako upande uliokwisha jengwa, hapo tegemea mazungumzo marefu.

---

Kalamu_Nyeusi (mtoa mada)

Mzee, swali la mama linanirudisha kwenye hoja yangu, na sasa naliona zito kuliko nilivyoanza. Nilitaka kuthibitisha kwamba ardhi ndiyo inayounda mabanda, na jaribio la viwanja linanipa nguvu. Lakini kama kiwanja kilichopimwa mapema kinaishia kwa mwenye uwezo, basi wa mita tisa anabaki kutafuta mita tisa nyingine mahali pengine, kwa sababu kipato chake hakijabadilika. Dawa ya umbo bila dawa ya kipato inamhamisha tu. Labda jawabu ni kupima viwanja vingi mno hadi asipatikane wa kuvinunua vyote, yaani bei ishuke kwa wingi wa viwanja. Sijaona mji uliofanya hivyo kwa kiwango kinachotosha huku ukikua kwa kasi. Mwenye mfano alete.

---

Jembe_Kuu

Hapo kwenye kipato ndipo nilipokuwa nawasubiri tangu mwanzo. Nakubali njia ipimwe kabla, mzee amenishawishi kwa hilo. Lakini pesa ya kupima viwanja "vingi mno" inatoka mfuko uleule wa barabara za vijijini, na nikipewa kuchagua bado nachagua kijiji. Binti, leta takwimu za nchi iliyowekeza kwenye kilimo kwa dhati tuone mabanda yake yalikwenda wapi.

---

Binti_Takwimu

Nitaleta, ila nakuonya mapema: kilimo kikiwa na tija kinahitaji mikono michache, na mikono inayobaki inahama. Lewis alilijua hilo. Kwa hiyo unaweza ukawekeza shambani kwa dhati kabisa na ukaongeza wanaokuja mjini. Nipe siku chache nipange takwimu vizuri, nitaandika hapahapa.